Mama Mkwe Amekufa kwa Njaa

Ofisini naitwa Mama Njaa, na jina hilo nalivaa bila aibu. Tunatengeneza mchezo wa kompyuta wa kuokoka porini. Unaamka kando ya moto unaokaribia kuzima, huna hata kisu, na kazi yako ni moja tu, usife. Mchoraji wetu ametengeneza miti na mvua. Fundi wa programu ametengeneza chui anayekunyemelea bila adabu. Mimi nimetengeneza njaa, ule mstari mwekundu chini ya skrini unaopungua kidogo kidogo mpaka utie kitu mdomoni. Pumzi pia ni yangu, mstari wa kijani unaoshuka ukikimbia na kupanda ukipumzika, lakini hakuna aliyewahi kuniita Mama Pumzi, basi tuendelee na njaa.

Sasa sikia nilivyokaribishwa Jumatatu asubuhi, hata begi sijalishusha begani. Bosi ameegemea meza yangu, anakunywa chai kwenye kikombe changu.

"Mama Njaa," akasema, "watu wamechoka."

"Wamechoka na nini?"

"Na wewe."

Alimaanisha kazi yangu, lakini hakuona haja ya kunyoosha maneno. Wiki iliyopita tulikuwa tumewaalika watu wa kawaida waje kuujaribu mchezo kwenye chumba chetu kikubwa, na wengi waliacha kucheza kabla ya kuvuka mto. Sasa mto ndio mlango wa mchezo wenyewe. Ng'ambo ndiko kwenye vilima vya baridi, magofu, na kila kitu tulichokitolea jasho. Watu waliishia upande wa huku wakivua samaki, kisha wakavua vile vifaa vya masikioni vya kusikilizia wakaomba kwenda chooni, na wengine hawakurudi. Tulipowauliza kilichowachosha, walijibu karibu kwa mdomo mmoja kwamba ni kula kula.

"Ijumaa wanakuja watu wapya," bosi akasema. "Wasipovuka mto, njaa naiondoa. Na pumzi naiondoa. Tuwaache watu wakimbie wanavyotaka."

Akaondoka na kikombe changu.

Niliketi, nikasimama, nikaketi tena. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawasha. Lazima mjue kwa nini, maana msije mkadhani nalilia mstari mwekundu. Kule ng'ambo ya mto chakula ni cha kubahatisha, na mchezo wetu unachezwa na watu wengi kwa pamoja. Ukimkuta mwenzako kule unaweza kumnyooshea mkono ukampa ulichonacho. Huo mkono niliutengeneza mimi na mchoraji. Nilimsimamisha mume wangu jikoni, nikamrekodi akinipa kipande cha mkate, akinipa tena, akinipa tena, mpaka akaniuliza kama nimerogwa. Mchezo wangu wote uko kwenye ule mkono. Sasa ukiondoa njaa, kumpa mtu samaki kuna maana gani? Ni sawa na kumpa jiwe. Atasema asante na atalitupa.

Basi nikaenda kwa Hesabu. Huyu ndiye anayesoma data za majaribio, kwa sababu kompyuta inarekodi kila anachofanya mchezaji: alikula lini, njaa ilikuwa imefika wapi, alibeba nini, alikuwa wapi alipoacha. Hesabu ni shemeji yangu vilevile, mdogo wake mume wangu, na ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii, jambo ambalo hulitaja kila anapotaka nimnunulie chakula cha mchana.

"Punguza kasi ya njaa kwa nusu," nikamwambia. "Watu waache kula kula. Tumemaliza."

"Umeshaangalia data?"

"Nimeambiwa wamechoka kula. Data ya nini tena?"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani. Lakini alikubali. Jumanne tukawaomba watu wa ofisi ya jirani waje kujaribu toleo jipya, mstari wa njaa ukishuka kwa nusu ya kasi ya zamani. Nilisimama nyuma yao nimekunja mikono, nina uhakika wa mtu asiyejua kinachomsubiri. Wakavua samaki. Wakala. Wakapiga miayo. Mmoja akaniuliza kama mto ule ni picha tu ya ukutani au unavukika kweli. Wakaaga palepale walipoagia wenzao.

Nilirudi kwa Hesabu nimekuwa mdogo kama kidonge.

"Haya," nikasema, "nionyeshe hiyo data yako."

"Sema tafadhali, shemeji."

"Nitakumwagia chai."

Akafungua skrini. Kila mchezaji alikuwa na mstari wake, na pale alipoacha kucheza pana alama. "Niambie," akasema, "wangapi wamekufa kwa njaa?"

Nikatafuta. Wapo waliouawa na chui, wengi sana, fundi wa programu atacheka. Wapo walioanguka mwambani. Kwa njaa, hakuna. Hata mmoja. Nikamwambia pengine imejificha. Akasema haijajificha, haipo. Kisha akanionyesha mifuko yao, walichokuwa wamebeba dakika walipokata tamaa. Ilikuwa imejaa samaki.

"Wastani wake unadanganya kidogo," akasema, "kwa sababu ya mama."

Hapo lazima nimlete mama. Mama mkwe wangu, yaani mama yake Hesabu, hakualikwa kwenye majaribio. Alipita ofisini wiki ile kumletea mwanawe funguo alizosahau nyumbani, na kwa kuwa mchezaji mmoja hakutokea, Hesabu akamkalisha mama yake kwenye kiti kilichobaki wazi. Mama hakutoka kambini muda wote. Alivua, akabanika, akapanga, akavua tena. Mfuko wake ulibeba samaki wa kulisha kijiji, kwa sababu katika mchezo wetu mfuko haukuwa na mwisho. Alipoacha, alikuja kwangu akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, mchezo wako ni kama mtoto mchanga. Kila nikitaka kufanya langu, unalia."

Na mimi mkwe mwenye adabu zangu nikajibu, "Asante mama, nimelichukua," nikaenda msalani nikaupiga mlango teke.

"Mtoe mama," Hesabu akasema, "uangalie aliye katikati, wala si wastani. Bado mfuko umejaa. Na tazama wanakula lini."

Walikuwa wanakula mstari mwekundu ukiwa haujapungua hata robo. Tumbo limejaa, wao wanatafuna. Kwa nini? Kwa sababu tumbo la mchezaji huanza kunguruma, ile sauti ya gurrr, mstari ukishuka kidogo tu kutoka juu. Kisha mstari huo ukishuka kidogo unaivuta na pumzi chini, kwa hiyo unakimbia hatua chache unaanza kuhema, unatembea, na ukitembea safari inakuwa ndefu, na safari ikiwa ndefu njaa inarudi kabla hujafika popote. Unarudi kambini kula. Kula kwenyewe samaki mmoja mmoja. Kumbe hata kupunguza kasi kwa nusu hakukusaidia kitu, kwa sababu kilichowachosha hakikuwa kukosa chakula. Walikuwa wamesumbuliwa wakiwa wameshiba.

"Nani aliweka tumbo lingurume mapema vile?" nikauliza kwa hasira.

Hesabu akanigeuzia skrini. "Kuna mchezaji mmoja wa ajabu humu. Amecheza kuliko wote, tangu tuanze kurekodi. Hajawahi kuona njaa. Mstari wake haujashuka hata siku moja. Hali chochote, hahemi, na amevuka mto mara nyingi mpaka nikadhani amejenga ng'ambo."

"Huyo mwizi," nikasema. "Ametumia ujanja. Mtoe kwenye hesabu."

"Nilishamtoa. Ila soma jina la kompyuta."

Lilikuwa jina la kompyuta yangu.

Jamani. Acheni niwaeleze, na msicheke sana. Kwenye kibodi zetu za ofisini kuna kitufe kimoja, F9, ambacho ukikigusa tumbo na pumzi vinajaa palepale. Tuliwekewa ili tusipoteze muda tunapokagua mambo mengine, mvua, magofu, chui. Sote tunakigusa. Tunakigusa bila kujua, kama mtu anavyojikuna. Kidole changu kilikuwa kimezoea kiasi kwamba nikianza kucheza kinatangulia chenyewe. Mimi, Mama Njaa, niliyeitengeneza njaa kwa mikono yangu na kuitetea kwa bosi, sikuwa nimewahi kuiona. Niliweka tumbo lingurume mapema kwa sababu kila nilipojaribu sikulisikia, nikadhani linachelewa mno kunguruma.

Hesabu alicheka mpaka akatoka kwenye kiti. Kisha akang'oa kitufe cha F9 kwa kijiko cha chai, akakitia mfukoni, akaniambia, "Cheza."

Nikacheza. Nilianza kwa madaha, nikapita msituni, nikautazama ukungu tuliougharimia. Gurrr. Nikala. Nikapanda kilima kidogo, pumzi ikakata. Nikasimama. Gurrr. Nikala tena. Nikaona mto kwa mbali, nikafurahi, nikakimbia, pumzi ikakata mahali pasipo na chui wala mbuzi, uwanja mtupu, nimesimama nahema kama nimebeba friji. Gurrr. "Nyamaza," nikaiambia kompyuta. Gurrr. "Nimesema nyamaza, umetoka kula sasa hivi." Mchoraji akachungulia mlangoni. Nikarudi kambini kuvua, na nilipokuwa nambanika samaki wa sijui wa ngapi, nikavua vile vya kusikilizia nikavitupa mezani.

"Ulipoacha," Hesabu akasema akiandika, "mfuko ulikuwa umejaa?"

"Umejaa."

"Karibu kwa wenzako."

Nikacheka. Nilicheka kwa aibu kwanza, kisha kwa raha, kwa sababu ghafla niliona pa kushika. Siku mbili zilizobaki sikutembea ofisini, nilikuwa narukaruka. Tumbo sasa lingenguruma mstari ukiwa umebaki robo tu, na mara moja, si kila unapogeuka. Samaki mmoja aliyebanikwa vizuri angekutosha safari nzima. Kukimbia kwenye uwanja mtupu pumzi isishuke hata kidogo. Ishuke ukipanda, ukiogelea, ukipigana, ukimkimbia chui, yaani pale inapouma. Njaa nikaikata mkono wake uliokuwa unavuta pumzi, isiiguse mpaka uwe karibu na kuzimia. Na aliyeshiba vizuri pumzi yake irudi haraka, ili kula kuwe na faida, kusiwe kukwepa adhabu tu.

"Umewapa raha," Hesabu akasema. "Sasa wape shida."

"Mfuko," nikasema.

"Mfuko," akasema.

Tukaupunguza mfuko ubebe samaki wachache. Unavuka mto na ulichochagua, na ng'ambo utaona mwenyewe. Bosi alipita akatukuta tunagonganisha viganja, akauliza kama tumeondoa njaa. Nikamwambia tumeirudisha. Akatikisa kichwa akaenda zake, na kikombe changu bado anacho.

Ijumaa watu wakaja. Hesabu aliwagawa kwa kura, nusu toleo la zamani, nusu jipya, bila kuwaambia nani ana lipi. Wote walikuwa watu ambao hawajawahi kuugusa mchezo wetu, maana aliyekwisha kuzoea hawezi kutuambia mgeni anaona nini. Kati yao alikuwepo kinyozi wa barabara ya nyuma, mtu mrefu mpole aliyeomba mto wa kiti. Na mlangoni, amevaa kitambaa chake kizuri cha kutokea, akatokea mama mkwe.

"Nimekuja kumalizia," akasema.

Hesabu akanivuta pembeni. "Ameshacheza. Siwezi kumweka kwenye ulinganisho."

"Nenda kamwambie wewe, ni mama yako."

Hakwenda. Tukampa mama toleo jipya, kompyuta ya mwisho kwenye kona, na Hesabu akaandika kwamba huyo hahesabiwi. Kinyozi alikaa kona ya pili, wamepeana migongo, kila mmoja na vyake masikioni.

Sikuweza kukaa. Nilikuwa napita nyuma ya viti kama msimamizi wa mtihani, natafuna kucha. Wa toleo la zamani walianza kupiga miayo mapema, nami moyoni nawaombea waendelee kuteseka kwa faida ya sayansi. Wa toleo jipya walikimbia. Walipita uwanjani mbio, wakasimama kuangalia ukungu, mmoja akasema "duh" peke yake. Mmoja wao chui alimkamata msituni, akarudi kambini, akakamatwa tena, hakuuona mto. Lakini kwa wengine tumbo liliponguruma niliwaona wakiinuka vitini, wakitazama mfuko, wakipiga hesabu. Kisha wa kwanza akaingia majini. Wa pili. Kinyozi akaingia na samaki wawili, akatoka na mmoja, maji yamechukua mwingine. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, na kikombe kimetua kwenye kiganja chake bila kunywewa.

Nikamtazama mama. Alikuwa amevuka.

Hakuwa amepanga wala kurundika, mfuko ulimkatalia. Alipanda vilima vya baridi, anakula kwa kiasi, na mstari wake mwekundu ulikuwa umeshuka chini kuliko nilivyowahi kuuona kwa mtu yeyote. Alikuwa amebakiwa na samaki mmoja. Hapo akatokea mtu kwenye theluji, ameinama, anaburuta miguu. Katika mchezo wetu mwenye njaa kali hutembea hivyo. Nikageuka nyuma yangu. Ni kinyozi, aliyekuwa ameuma midomo, hajui mbele yake kuna nani.

Mama akasimama. Akazunguka kidogo. Akabonyeza kitufe cha mkono.

Ule mkono ukanyooka kwenye skrini, mkono wa mume wangu jikoni na kipande cha mkate, na samaki wa mwisho akahama. Kinyozi akakaa wima. "Nani huyu?" akasema kwa sauti kubwa, kwa sababu mwenye vitu masikioni hajui anavyopaza. Mama aliendelea kupanda kilima, hatua chache, chache nyingine, skrini ikaanza kuwa nyeupe pembeni, akaanguka. Maandishi yakatokea.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikatoka mbio mpaka mlangoni, nikamkamata bosi mabega, chai ikatumwagikia sote.

"Mama mkwe amekufa kwa njaa!"

Bosi akanyauka. Akaanza kunipa pole. Nikamtikisa, nacheka na machozi yananitoka, namweleza kwamba ni wa kwanza, tangu tuanze kurekodi hakuna aliyekufa kwa njaa, na huyu alikuwa na chakula, bosi, alikuwa nacho, akampa mtu asiyemjua. Mchoraji akaja mbio akidhani kuna msiba, alipoelewa akaanza kuruka na mimi. Hesabu peke yake ndiye aliyebaki na akili zake. Alikuja na takwimu zake mkononi: wa toleo la zamani walioacha kabla ya mto walikuwa karibu wote, wa toleo jipya wamevuka wote isipokuwa yule wa chui.

"Na mama?" bosi akauliza.

"Mama hahesabiwi," Hesabu akasema. "Ameshawahi kucheza."

Bosi akatazama kona ya mwisho. "Njaa inabaki," akasema. "Na pumzi." Kisha akaniwekea kikombe changu mkononi, kitupu, akaenda kubadilisha shati.

Nikamwendea mama. Niliinama karibu yake kwa heshima zote.

"Mama, mbona ulimpa? Ulikuwa na mmoja tu."

"Alikuwa anaburuta miguu," akasema, hajaondoa macho kwenye skrini. "Mtu akitembea vile hajala. Sasa hii kitu imenirudisha huku kwenye moto, nifanyeje?"

"Muda umeisha, mama. Majaribio yamekwisha, watu wanaondoka."

"Muda wa nani?"

Nyuma yake kinyozi naye alikuwa hajainuka. Hesabu alikuwa amemgusa bega mara ya pili. "Subiri kidogo," kinyozi akamwambia, "kuna mtu alinisaidia hapa, ameanguka, sijui ameenda wapi. Na samaki wenyewe nimeshamla."

Mama akavua kile cha sikio moja, akageuza shingo. Wakatazamana kwa mara ya kwanza.

"Ni wewe unayeburuta miguu?"

"Ni mimi, mama."

"Usipande tena. Kaa hapo kwenye jiwe upumzike." Akakirudisha sikioni, akavuta kiti karibu na meza. "Navua wawili, nakuja."